Pampu za maji ni pampu za maji

Wiki hii shemeji yangu alinifungulia katalogi ya duka moja la vifaa, akitafuta pampu ya kisima chake. Chini ya kichwa "Pampu za Maji" paliandikwa: "Karibu kwenye pampu za maji. Tunazo pampu bora za maji za kila aina." Kisha picha tupu. Mwenye kiu haonyeshwi picha ya mtungi. Kidole cha shemeji kilishatua kwenye ile ya bei nafuu, ya kukaa juu ya ardhi, nikamuuliza maji yako umbali gani. Mita 14. Pampu ya juu hutegemea uzito wa hewa kuyapandisha maji bombani, na kwa kawaida haivuki mita 7 au 8, hata uifungie mota kubwa kiasi gani. Angeiwasha ikanguruma tu. Nikachukua kalamu, nikaandika utangulizi wangu pembeni: "Pima kutoka pampu itakapokaa hadi kwenye maji, wakati wa kiangazi. Umbali usipozidi mita 7, pampu ya juu inatosha, na ni rahisi kuitengeneza. Ukizidi, chukua ya kuzamisha." Neno "bora" sikulihitaji. Aliyeandika ule wa kwanza huenda si mvivu, aliambiwa tu ajaze nafasi. Lakini utangulizi unaoweza kuhamishiwa kwenye majiko kwa kubadilisha jina tu haukuandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Shemeji amerudi nyumbani na kamba na jiwe, akapime upya. Ile 14, kumbe, ilikuwa ya masika.