Picha niliyoirusha mimi, na somo la Jumamosi

Makamanda, naanza kwa kukiri kosa. Nilirusha kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya umati mkubwa, nikaandika "jana hapa kwetu". Haikupita nusu saa, binti wa kidato cha tatu akaniuliza: "Kaka, mbona magari yote usukani uko kushoto?" Nikaufyata.

Kwa hiyo nilipoombwa kufundisha klabu ya wanafunzi siku za Jumamosi, niliandaa vipindi vinne vya dakika 40. Nimekataa ile orodha tuliyoizoea: ukurasa una nembo? una tarehe? umeandikwa vizuri? Tapeli naye anajua kutengeneza nembo. Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapima wanafunzi 25 wa chuo, wanahistoria 10 na wahakiki taarifa 10. Wasomi wengi walibaki palepale kwenye ukurasa wakiusoma kwa makini, na wakadanganyika. Wahakiki walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza: huyu ni nani, na wengine wanasemaje juu yake? Kutoka huko ndiko kunakokula vipindi viwili vya kwanza.

Cha tatu ni picha. Natumia ile ya papa anayeogelea barabarani kwenye mafuriko. Ilisambaa mwaka 2011 ikidaiwa ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, ikarudi 2017 ikadaiwa ni Houston. Wanafunzi wanakata maandishi ya pembeni ibaki picha tupu, wanaitafuta kwa Google Lens, kisha TinEye, ambako wanachagua "Oldest" ili ya zamani ije juu. Picha moja haiwezi kuwa ya vimbunga viwili. Wakiendelea kumtafuta papa mwenyewe, wanamkuta Afrika Kusini, kwenye picha ya Thomas Peschak, akifuata mtumbwi baharini. Mtu alimkata akambandika barabarani.

Hapa huwa wanateleza. Wakikosa matokeo wanasema, "basi ni ya kweli." Hapana! Picha mpya haijaingia mtandaoni bado, na iliyogeuzwa kushoto kulia inaweza kukwepa. Kukosa matokeo maana yake hujajua tu. Halafu kuna picha halisi yenye maelezo ya uongo, kama yangu ile. Hapo unasoma vibao, namba za magari, usukani.

Kipindi cha nne kila mmoja analeta dai kutoka upande anaoupenda mwenyewe. Wenzetu wengine wamelalamika kwamba nawapa watoto fimbo ya kutuchapa. Sawa, watuchape. Mtoto akihakiki madai ya wapinzani wake tu, hajajifunza kuhakiki, amejifunza kuchukia.

Jumamosi ijayo dai la kwanza mezani ni picha yangu. Yule binti ndiye ataongoza kipindi, na ameshaniambia nisikae nyuma.