Mgonjwa Anapoaga kwa Barua

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono. Mama aliyewekewa vali bandia ya chuma moyoni alituarifu kwamba anahamia Mbeya na hatarudi kwenye kliniki yetu. Aliomba nakala ya taarifa ya upasuaji wake, majibu ya vipimo vyote vya INR vya mwaka mmoja, na dozi ya warfarini aliyopewa baada ya kila kipimo. Mwishoni aliongeza kwamba amechoka kusubiri tangu alfajiri hadi saa tisa alasiri.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoisoma. Barua ilizungushwa mezani, mmoja wetu akasema mgonjwa ameanza kutufundisha kazi, na siku ya tatu nikatia saini muhtasari wa nusu ukurasa: ana vali bandia ya mitrali, anatumia warfarini miligramu 5 kwa siku, aendelee na kliniki huko aendako. Tuliutia katika bahasha, tukaifunga kwa gundi.

Dozi ile haikuwa sahihi. Aliyeandaa muhtasari aliinakili kutoka ukurasa wa mwanzo wa faili, mahali ilipoandikwa dozi ya kuanzia. Kufikia mwezi ule mama alikuwa akimeza miligramu 7.5 kwa siku tano za juma na miligramu 5 kwa siku mbili, yaani miligramu 47.5 kwa juma. Muhtasari wetu ulimpa 35, upungufu wa zaidi ya robo. Daktari aliyempokea aliiamini saini ya bingwa, kama ambavyo mimi ningefanya, akamwandikia kidonge kimoja kwa siku.

INR ni namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa asiyetumia dawa hizi huwa karibu na 1. Kwa mwenye vali ya chuma upande wa mitrali tunataka iwe kati ya 2.5 na 3.5. Alipopimwa baada ya majuma matatu yake ilikuwa 1.6, naye alikwenda kupimwa kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umelegea asubuhi ile, akashindwa kushika kikombe. Nguvu zilirudi kabla ya jua kutua. Ilikuwa bahati, maana bonge la damu linalotoka kwenye vali na kuziba mshipa wa ubongo mara nyingi huacha ulemavu usioondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanauona mkali. Mgonjwa anapoomba kumbukumbu zake, tumpe alichoomba, si kile tunachodhani kinamtosha. Muhtasari ni maoni ya mwandishi wake. Safu ya vipimo na dozi, yenye tarehe, ni ushahidi ambao daktari mpya anaweza kuusoma mwenyewe. Laiti tungetoa nakala ya karatasi ile moja ya dozi, kosa langu lingeonekana Mbeya siku ya kwanza.

Wapo wanaosema faili ni mali ya hospitali. Faili halisi libaki masijala, sina ubishi. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu, na sababu ya kuhama si sharti. Wala sisemi tudurufu kurasa mia mbili, kwani rundo nalo huficha. Kwa mgonjwa wa aina hii kurasa tano hivi zinatosha: taarifa ya upasuaji yenye aina na ukubwa wa vali, kipimo cha mwisho cha moyo kwa mawimbi ya sauti, karatasi ya INR na dozi, orodha ya dawa nyingine anazotumia, na muhtasari uliolinganishwa na hizo zote. Bahasha iwe wazi. Mama yule alijua dozi yake kwa kichwa. Angeusoma muhtasari angetusahihisha palepale dirishani.

Kwako unayeandika barua kama ile: taja jina kama lilivyo kwenye kadi, namba ya faili, tarehe ya kuzaliwa, nyaraka unazotaka na za kipindi gani, kisha tia saini na ubaki na nakala. Malalamiko, hata yakiwa ya haki, yaandikie barua ya pili. Nasema hivyo kwa aibu, kwa kuwa nawafahamu wasomaji wa barua hizo. Usiondoke bila vidonge vya kukufikisha kwenye kipimo cha kwanza cha INR huko uendako, nacho kisizidi juma moja au mawili tangu ufike. Na dozi ikibadilika bila damu yako kupimwa, uliza kabla ya kumeza.

Mama yule hakurudi kwetu. Aliandika barua nyingine, fupi kuliko ile ya kwanza, akiomba karatasi ya dozi. Niliidurufu mwenyewe.