Maharagwe Hayaokwi

Wacha nianze kwa kukiri. Mwaka jana niliandika mapishi yaliyomtapisha binamu yangu usiku kucha, na kosa lilikuwa kwenye kitenzi.

Nilikuwa nimeacha chuo, kodi ya nyumba imenikaba, ndipo nikapata kazi ya kutafsiri mapishi 40 kutoka Kiingereza. Malipo yalikuwa kwa idadi ya maneno. Mhariri akanipa sheria zake: kinachoingia kwenye oveni, andika oka. Cha mafuta, kaanga. Cha maji, chemsha. Cha makaa, choma. Na kila pishi lipewe kitenzi kimoja tu, ndio wasomaji wasichanganyikiwe. Nilijua sheria hiyo ni upuzi. Nilinyamaza, kwa sababu tarehe tano ilikuwa inakaribia.

Pishi la 17 lilikuwa yale maharagwe ya nyanya ambayo Wazungu hula asubuhi na mayai. Kiingereza huyaita ya kuoka, hata yale ya mkebe ambayo kwa kweli hupikiwa ndani ya mchuzi. Maelezo ya asili yalisema uloweke maharagwe usiku kucha, uyachemshe hadi yalainike, kisha uyachanganye na nyanya na uyaingize kwenye oveni. Vitenzi viwili vya moto. Sheria iliruhusu kimoja, kwa hivyo kuchemsha kukakatwa. Ikachapishwa hivi: loweka, changanya na nyanya, oka kwa moto mdogo saa nne.

Binamu yangu alikuwa na kaoveni ka kuweka juu ya meza na nusu kilo ya wairimu, yale maharagwe madogo mekundu. Aliona jina langu, akafurahi, akafuata kila neno. Baada ya saa nne yalikuwa bado yanakwaruza meno. Akadhani ndivyo Wazungu wanavyoyapenda. Walikula yeye na rumeti wake, na saa mbili baadaye walikuwa wanapokezana choo.

Maharagwe mekundu mabichi yana protini inayoitwa lektini, na hiyo ndiyo iliyowatapisha. Kuloweka kunapunguza kidogo tu. Kinachoiharibu ni maji yanayotokota kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa nusu saa au zaidi. Moto mdogo ni hatari, kwa sababu maharagwe yakipashwa bila kutokota yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yalivyokuwa mabichi. Halafu nyanya nayo ina asidi, na asidi huzuia ganda kulainika. Pishi langu lilikuwa limekosea pande zote mbili.

Nilipomlalamikia mhariri, aliniambia, "Si watu wataelewa tu, ni kupika." Hapana bana. Vitenzi hivi vinne vinajibu swali moja: kati ya moto na chakula kuna nini?

Kuchemsha, kuna maji. Maji yana kikomo. Yakishatokota hayazidi nyuzi 100 hata uongeze gesi vipi, na hapa Nairobi, kwa sababu tuko juu sana, hutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Ndio maana githeri ya huku hukaa jikoni kuliko ya Mombasa. Kuchemsha kunafaa chakula kigumu kinachohitaji muda na unyevu: maharagwe, mahindi makavu, nduma, mguu wa ng'ombe mzee. Ile nyama yenye kano nyingi ukiichoma inakuwa gozi la kiatu, lakini saa tatu kwenye maji zile kano zinayeyuka na kuifanya supu inate midomoni.

Kukaanga, kuna mafuta. Mafuta hupita moto wa maji kwa mbali, karibu nyuzi 180 kwa mandazi. Donge likitumbukia, nje linashika rangi na ndani mvuke unalifurisha. Ukiandika "oka mandazi", msomaji atatoa mikate midogo mikavu na kujilaumu bure. Viazi vya chipsi, bajia, samaki mzima, vyote vinaivia kwenye mafuta.

Lakini hapa ndipo mhariri wangu angejifunza kitu kutoka kwa mama yeyote wa kibanda. Ukiagiza maharagwe ya kukaanga, hakuna anayefikiri yametoka guniani yakaingia kwenye mafuta. Yalichemshwa asubuhi kwenye sufuria kubwa, na mchana yakaungwa kwa kitunguu na nyanya. Jina la chakula hutaja tendo la mwisho tu, na yaliyotangulia tunayajua kwa kukaa jikoni na shosho. Kijana aliyehamia bedsita juzi hajui, na mapishi yanaandikwa kwa ajili ya huyo hasa.

Kuoka, kuna hewa moto iliyofungiwa, inayokizunguka chakula pande zote. Inafaa kitu laini kinachohitaji kuinuka na kushikana bila kuguswa, kama mkate na keki. Na tuache hii dhana kwamba kuoka kulikuja na oveni ya umeme. Mkate wa kumimina wa Pwani ni mchele uliolowekwa na kusagwa na tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Unamiminwa kwenye sufuria moto, unawekwa juu ya jiko la makaa, kisha makaa mengine yanapangwa juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu. Huko ndiko kuoka, na msomaji asiye na oveni angeelewa upesi kama tungemwandikia hivyo.

Kuchoma, hakuna kitu katikati. Chakula kinautazama moto wenyewe, kwa hivyo kinafaa chenye mafuta yake au ganda lake: mbavu za mbuzi, hindi bichi, ndizi. Kikomo chake ni unene. Kitu kinene kikisogezwa karibu na makaa kinaungua nje na kubaki kibichi ndani, ndio maana mchomaji hukaa akigeuza paja la mbuzi kwa saa nzima mbali na miali. Kwenye ile orodha yangu, paja hilo lilikuwa kwenye oveni, kwa hivyo niliandika "mbuzi wa kuoka". Mtu wa Kiamaiko akisoma hivyo anacheka.

Nilichodai, na bado nadai, ni kidogo: kila tendo la moto liandikwe, kwa mpangilio, pamoja na dalili ya kumaliza. Pishi la 17 lingekuwa hivi. Loweka maharagwe usiku kucha, umwage maji hayo. Chemsha kwa maji mapya, moto mkali, yatokote nusu saa. Punguza moto, endelea kuchemsha hadi uweze kuliponda moja kati ya vidole viwili. Kaanga kitunguu hadi kibadilike rangi, tia nyanya. Changanya na maharagwe, kisha oka dakika 40, mchuzi uwe mzito. Huna oveni? Acha kwenye jiko, moto mdogo, ukikoroga. Hapo yameshaiva, huwezi kuumia.

Vitenzi vitatu. Nilimpelekea mhariri marekebisho hayo bila kuomba hata shilingi. Alisema yamekuwa marefu. Sikupata kazi nyingine kwake, na pishi lile, nikiangalia jana, bado liko vilevile na jina langu chini.

Binamu yangu alipona kesho yake. Bado ananialika kula, lakini mimi ndiye huchemsha maharagwe, na yeye husimama kando na simu akihesabu dakika.