Dada mchora hina, wasifu wako haujaisema kazi yako



Wiki chache zilizopita alitujia dada mmoja mchora hina, wa hapa hapa Unguja, akiwa na simu mkononi na uso umemshuka. Kulikuwa na maonyesho madogo ya kazi za wanawake Mji Mkongwe, na yeye alikuwa ametuma picha sita za mikono ya maharusi aliowachora. Waandaaji walimtaka aambatanishe tamko la msanii lisilozidi maneno 150. Akachukua maelezo yale yale anayowatumia maharusi wanaomuulizia kazi, akayatuma. Jibu likaja kwa adabu, lakini likaja la kukataa: tumeelewa umejifunza wapi na umefanya kazi miaka mingapi, ila hatujaelewa kwa nini michoro yako iko hivi ilivyo.

Dada yetu alidhani wamemdharau kwa sababu hina si "sanaa ya kweli". Sisi tulisoma alichotuma, na kwa heshima zote tukamwambia kosa halikuwa kwenye hina. Aliulizwa swali moja, akajibu jingine. Aliombwa tamko, akatuma wasifu. Na kwa kuwa wengi wetu tunaofuma, tunaoshona, tunaopamba kumbi na kupiga picha za harusi tunalifanya kosa hili hili, leo tulizungumze.

Wasifu ni maelezo ya mtu. Unajibu: huyu ni nani, amejifunza kwa nani, amefanya nini, tangu lini, anapatikana vipi? Kwa kawaida huandikwa kama vile mtu mwingine ndiye anayekuzungumzia: "amejifunza", "anafanya", "huchukua". Tamko la msanii ni maelezo ya kazi. Msanii mwenyewe anasema "mimi", na anajibu: nafanya nini hasa, kwa vitu gani, na kwa nini nimechagua hivi na si vile? Wasifu unamfanya mtu akuamini. Tamko linamfanya mtu aione kazi yako vizuri zaidi kuliko alivyoiona kabla ya kusoma.

Tuchukue mfano wa mtu anayejulikana. Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, akakulia Uingereza, akawa profesa wa sanaa, na mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Turner. Huo ni wasifu, na ni wasifu mzito. Lakini simama mbele ya kazi yake ya mwaka 2007, ambapo alichukua vyombo 100 vya zamani vya mezani, sahani na mabakuli, akachora juu yake nyuso za watumwa na watumishi weusi pamoja na matajiri wa mji wa Lancaster. Tuzo yake haikwambii kwa nini amechora kwenye sahani badala ya turubai. Inabidi uelezwe kuwa Lancaster ulikuwa mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya utumwa, na kwamba chombo cha mezani ndicho kilichowekwa mbele ya tajiri na kubebwa na mtumishi. Ukishaelezwa hivyo, sahani inageuka machoni pako. Kazi ya kueleza hivyo ni ya tamko, na hata wasifu wa kurasa kumi usingeifanya.

Sasa turudi kwa dada yetu. Tulikaa naye baada ya alasiri, tukaanza na wasifu kwa sababu ule alikuwa nao tayari. Baada ya kuupunguza ukawa hivi:

"Ni mchora hina wa Unguja, na amekuwa akichora maharusi tangu 2014. Amejifunza kwa shangazi yake, Makunduchi. Anatumia unga wa majani ya mhina uliochekechwa, ndimu, sukari na mafuta ya mkaratusi. Hatumii rangi ya nywele. Huja nyumbani kwa bi harusi siku mbili kabla ya harusi. Mikono na miguu huchukua saa nne hadi tano. Hupokea bi harusi mmoja kwa siku."

Tazameni kila sentensi inambebea nini bi harusi. "Hatumii rangi ya nywele" ni jambo la usalama, maana piko nyingi nyeusi huchanganywa na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na wapo maharusi waliotoka malengelenge mkononi siku ya harusi yenyewe. "Siku mbili kabla" nayo ina sababu: hina safi ukiibandua huwa ya rangi ya machungwa, na hukolea kwa muda wa siku mbili hivi. Bi harusi anayesoma wasifu huu hajaambiwa kuwa huyu ni mchoraji bora kisiwani. Ameambiwa anachohitaji ili ampe mkono wake bila hofu.

Hapo ndipo dada yetu alipotuambia kilichomzuia siku zote kuandika vizuri: anaona haya kujisifu. Tunaiheshimu haya hiyo, lakini hapa imekaa pasipo mahali pake. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba asimamie hazina za nchi, alimweleza mfalme kwamba ana uaminifu na ujuzi wa kazi hiyo. Kusema ukweli wa ujuzi wako kwa anayetaka kukupa kazi ni kumpa ushahidi. Majisifu huanza unapoandika "maarufu", "wa kipekee", "namba moja". Maneno hayo yafute, ubakize mwaka, mwalimu, vifaa na muda.

Kisha tukaja kwenye tamko. Hapa alikwama. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Napenda sana hina tangu utotoni na ninachora kwa moyo wangu wote." Tukamuuliza: je, mchoraji wa mtaa wa pili hawezi kuandika hivyo hivyo? Akacheka, akasema anaweza. Basi sentensi hiyo haijasema kitu kuhusu kazi yake.

Tukaziweka picha zake sita mezani, tukamwambia asituambie hisia zake, atuambie tu tunachokiona. Mbona kiganja kiko wazi katikati? Mbona kifundo cha mkono kina mstari mnene uliokizunguka? Mbona hakuna jina la bwana harusi lililofichwa ndani ya maua, kama wanavyotaka maharusi wengi? Kumbe kila jambo lilikuwa na sababu, ila hakuwahi kuulizwa. Yafuatayo ni maneno yake mwenyewe. Sisi tulimpangia tu:

"Nachora mkono kama kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo langu nalizungusha kwenye kifundo cha mkono, kwa minyororo kama iliyochongwa kwenye milango ya Mji Mkongwe. Mji uko mgongoni mwa mkono: asumini, kwa sababu ndiyo bi harusi anayoivaa kichwani siku hiyo. Jina siandiki. Kanga husema kwa maneno, lakini nataka mkono huu unyamaze. Katikati ya kiganja naacha wazi, kwa sababu hapo ndipo mtu mwingine atakapoushika. Nafanya kazi kwa hina peke yake, nayo hufutika baada ya wiki mbili au tatu. Picha hizi nimezipiga siku ya kumi, rangi ikiwa imeanza kuondoka, kwa sababu napenda kuona kipi kinatangulia kwenda na kipi kinabaki."

Someni tena sentensi ya mwisho. Waandaaji walipoziona picha zile bila maelezo, huenda walidhani ni hina iliyofifia, iliyopigwa picha vibaya. Kumbe kufifia ndiko alikotaka kutuonyesha. Hakuna mstari wowote wa wasifu ungeweza kuliokoa jambo hilo.

Kuna njia rahisi ya kulipima tamko lako. Mpe mtu asiyekujua alisome, kisha mwekee picha zako zikiwa zimechanganywa na za mwingine. Akizitambua zako, tamko limefanya kazi. Akishindwa, bado unazungumzia mapenzi yako ya sanaa badala ya sanaa yenyewe. Na wasifu upime kwa swali moja: kila sentensi, mtu akiniuliza, naweza kuithibitisha? Ukiandika "amechora maharusi wengi", huna cha kuonyesha. Ukiandika "tangu 2014", kuna wanawake watakaokushuhudia.

Wapo watakaosema: mimi nachora kwa ajili ya riziki, maonyesho siyahitaji, basi tamko la nini? Tunawaelewa, na kama wateja wako wote wanatoka kwa majirani, wasifu mfupi unakutosha kwa sasa. Lakini fikirieni bi harusi anayekuja na picha aliyoiona kwenye simu, kazi ya mchoraji wa mbali, akataka vivyo hivyo. Mchoraji asiyeweza kusema kazi yake ni ipi ataiga, na mwakani ataiga nyingine. Anayeweza kusema "mimi nachora mkono kama kanga" anampa bi harusi nafasi ya kuchagua: ama wanakubaliana, ama anamwelekeza kwa mwenzake kwa wema. Ugomvi wa siku ya hina hupungua sana hapo.

Lakini jingine ni kosa vilevile: kumtumia bi harusi tamko pale alipouliza bei na muda. Dada yetu angemwandikia mtu mwenye haraka kuhusu minyororo ya milango, naye angejiuliza, huyu anakuja saa ngapi, na hina yake ni salama? Kwa hiyo yaweke mawili mbalimbali kwenye simu yako, kila moja na jina lake. Wasifu uusahihishe kila mwaka, kwa sababu miaka na kazi huongezeka. Tamko libadilishe pale tu mkono wako unapobadilika.

Maonyesho yale yamempita, na sisi hatuwezi kumrudishia. Ila juzi ametutumia picha ya mkono mwingine, siku ya kumi, pindo bado liko imara kwenye kifundo na asumini zinakaribia kupotea. Safari hii hakutuuliza kama ni nzuri. Chini yake alikuwa ameandika sentensi mbili za kutueleza kwa nini pindo ndilo lililobaki.