Kubali Kazi, Uliza Tarehe

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu huku Likoni twadhani mtu akipata barua ya kazi ni kushukuru na kunyamaza, asije akaonekana mjuaji. Mimi sikubaliani.

Mwaka jana dada yangu alipata kazi ya ukarani katika ghala moja kule Changamwe. Barua ilisema aanze "haraka", awe kwenye majaribio "kwanza", na likizo iwe "kama kawaida". Mama akamwambia, "Tia sahihi mwanangu, kazi zenyewe ziko wapi?" Dada akajibu kwa barua. Mstari wa kwanza alisema kazi ameikubali, ndipo akaomba aandikiwe siku ya kuanza, miezi ya majaribio na siku za likizo.

La tarehe ndilo kubwa, kwani hayo mengine huhesabiwa kutoka hapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema majaribio yasizidi miezi 6, wala hayaongezwi mpaka mfanyakazi mwenyewe akubali. Katika muda huo mtu aweza kuachishwa kwa notisi fupi, hata ya siku 7. Sasa kama tarehe haikuandikwa, utajuaje kwamba yameisha? Likizo nayo si chini ya siku 21 za kazi, kwa malipo, kila baada ya miezi 12. Ni siku za kazi, bwana. Jumapili yako ya mapumziko haimo.

Walimjibu baada ya siku tatu: aanze tarehe 3 Machi, majaribio miezi 3, likizo siku 21. Wala hakuna aliyenuna.