Kwanza Umri, Kijiko Baadaye

KIBARAZA CHA JUMAMOSI
Na Hajati Zaituni Nakibuuka

Wiki hii nilikuwa Nakivubo, upande wa vibanda vinavyopakana na Soko la Owino, nikimngoja mjukuu wangu achague viatu. Ubavuni mwangu alikaa muuza asali. Alikuwa amezipanga chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika, za nusu lita na za lita moja na nusu, zimejaa omubisi gw'enjuki mzito unaoelekea weusi. Chupa hazina karatasi wala maandishi. Kwenye sahani aliweka asali kidogo kwa wanunuzi kuonja.

Akaja mama kijana, mtoto mmoja mgongoni na mwingine amemshika mkono, wote wawili wanakohoa. Mama akachovya kidole kwenye sahani, akaonja, akaridhika. Akachovya mara ya pili, akageuza mkono kuupeleka begani, kwenye mdomo wa yule wa mgongoni. Nikamshika kiwiko kabla sijafikiri.

"Samahani mwanangu. Huyu ana miezi mingapi?"

"Tisa, Hajati. Amemaliza hata chanjo ya surua."

"Na huyu mkubwa?"

"Minne. Miaka."

Mkubwa asali hii inamfaa. Mdogo haimfai hata tone, mpaka atimize miezi 12. Niliyomweleza mama yule pale kibandani nayaandika hapa kwa kirefu, kwa sababu katika miaka yangu ya uuguzi nimekutana na kosa hilohilo mara nyingi, na chanzo chake mara nyingine ni sisi wenyewe wa kliniki. Tunamwambia mama: mpe maziwa yako peke yake mpaka miezi 6, kisha mwanzishie vyakula. Ikifika miezi 6 mama anaona mlango umefunguka kwa kila kitu: uji, ndizi, mayai, na asali. Ikifika miezi 9 mtoto anachomwa sindano ya surua, na mama anamhesabu kuwa amekomaa. Hatuongezi lile neno moja, kwamba asali ina mlango wake na unafunguka baadaye.

Sababu ni hii. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayeishi kwenye udongo na vumbi, anayeleta ugonjwa unaoitwa botulizimu. Mbegu hizo ndogo sana zimelala tu, hazioti ndani ya asali kwa kuwa asali ni nzito na ina maji kidogo mno. Mtu mzima akizila hupita tumboni na kutoka, maana utumbo wake umeshajaa bakteria wema wasiowapa wageni nafasi. Utumbo wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka bado haujapata ulinzi huo. Mbegu zikifika humo zinaweza kuamka, zikaota, zikatoa sumu inayokata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Mtoto analegea. Waganga wa Kalifonia waliutambua ugonjwa huu kwa watoto wachanga mwaka 1976, na haikuchukua muda wakaona kwamba baadhi yao walikuwa wamelishwa asali.

Mama yule hakukubali kirahisi, na sikumlaumu. Alisema nyumbani kwao asali huchemshwa kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kuchemsha huiua sumu, lakini hakuziui mbegu. Ili mbegu zife lazima joto lifike nyuzi 121, na maji ya sufuria ya kawaida huishia 100. Hivyo asali iliyochemshwa, iliyotiwa kwenye chai ya moto au kuchanganywa kwenye uji bado ni ileile kwa mtoto wa miezi 9. Usafi wake nao hausaidii. Asali safi kabisa ya msituni, ya kiwandani yenye mfuniko uliofungwa, hata ile ya nyuki wadogo ambayo watu huinunua ghali kwa kuamini ni dawa zaidi, yoyote inaweza kuwa na mbegu, na hakuna jicho wala ulimi wa kuzitambua.

Akasema bibi yake aliwalea wote kwa asali na wako hai. Namwamini. Chupa nyingi hazina mbegu hizo, na watoto wengi wanaolambishwa hawaugui. Lakini anayeugua hawezi kutambuliwa kabla, na mbegu chache zinatosha. Mwaka 2018 watoto wanne wa Teksasi, Marekani, walilazwa kwa botulizimu baada ya kunyonya chuchu bandia zilizokuwa na asali ndani. Hao hawakunywa kikombe. Walinyonya tu.

Kwa Waislamu wenzangu nitagusa jambo moja. Tahaniki ya mtoto mchanga, hadithi zinazojulikana zinataja tende. Mwenye kuipenda sunna hiyo hahitaji asali, na anayezoea kuweka asali azungumze na sheikh wake.

Kama mtoto ameshalambishwa, mama asikimbie ovyo, bali amtazame. Dalili zinaweza kutokea ndani ya siku chache, au zikachelewa mpaka karibu mwezi, wakati mama ameshaisahau asali yenyewe. Mara nyingi ya kwanza ni kufunga choo, siku 3 au zaidi, kwa mtoto aliyekuwa akipata vizuri. Kisha ananyonya kwa unyonge, maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, sauti ya kulia inafifia, kope zinashuka kama za mwenye usingizi, na shingo iliyokuwa imekaza inaanza kuanguka. Kwa kawaida hana homa. Ulegevu huanza kichwani na kuteremka, na ukifika kwenye misuli ya pumzi mtoto anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Na akifika, mama atamke neno asali hata kama hajaulizwa. Mtoto mchanga aliyelegea na asiyenyonya huchukuliwa, kwa haki kabisa, kuwa ana maambukizi ya damu, na moja ya dawa zinazotolewa kwa haraka ni sindano ya jentamaisini. Kwa mwenye botulizimu dawa hiyo inaweza kuzidisha ulegevu. Daktari akijua habari ya asali atapima mambo kwa namna nyingine. Uamuzi ni wake, lakini habari hiyo inatoka kwa mama peke yake.

Sasa turudi kwa yule wa miaka minne, ambaye alikuwa ameshachoka na mazungumzo yetu na anaitazama sahani. Kwake asali ni tiba ya kweli ya kikohozi cha mafua. Tuna ushahidi wa hapa kwetu: madaktari wa Nairobi waliwalinganisha watoto waliopewa asali, waliopewa sharubati ya salbutamoli na waliopewa kinywaji kisicho na dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Asali ndiyo iliyotuliza kikohozi vizuri zaidi. Salbutamoli haikuwa na faida kuliko kile kinywaji kitupu. Nalisema hili kwa sababu mama huyu alikuwa ameshatumia pesa kwenye sharubati mbili za duka la dawa kabla ya kufika kwenye asali.

Kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia mwaka 1 uliotimia hadi miaka 5, nusu kijiko cha chai, yaani mililita 2.5. Miaka 6 hadi 11, kijiko kimoja, mililita 5. Kuanzia miaka 12, vijiko viwili. Vipimo hivi, kwa watoto wa kuanzia miaka 2, ndivyo vilivyotumika katika utafiti wa Pensilvania uliotolewa mwaka 2007, na asali ilipewa mara moja, nusu saa kabla ya kulala. Kikohozi cha usiku ndicho kinachoinyima nyumba usingizi, na hapo ndipo asali inapofanya kazi vizuri. Kikisumbua mchana pia unaweza kurudia mara moja au mbili. Zaidi ya hapo unamlisha sukari, inayomharibia meno na kumlegeza tumbo. Mtoto mwenye kisukari asipewe bila kuongea na daktari wake.

Tatizo ni kijiko. Vijiko vya majumbani mwetu havilingani, na vingine vinabeba karibu mara mbili ya vingine. Nilimtuma mama akanunue sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano. Asali nzito haipandi vizuri, basi unaimimina kwa nyuma baada ya kutoa kisukumio, mpaka kwenye mstari wa 2.5, kisha unaikoroga kwenye maji kidogo ya vuguvugu. Yawe vuguvugu, yasiwe ya moto, maana koo linaloungua halitulizwi. Akimaliza asukutue au anywe maji. Siku 3 zikipita bila nafuu, msiongeze kipimo. Faida ya asali haionekani tena baada ya hapo, na kikohozi kinachofika siku 14 kinataka uchunguzi wa kifua kikuu na pumu.

Naomba jambo moja kwa wauza asali wa Nakivubo, nao ni watu wanaosikiliza: kabla ya kumimina, uliza umri wa mtoto anayepelekewa. Chupa yenu haina karatasi ya kumwonya mama, kwa hiyo onyo liko mdomoni mwenu.

Yule mdogo tulimhesabu pumzi palepale. Mama alimshusha, akamlaza mapajani, akamfunua kifua, nami nikashika simu nikahesabu dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 44. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, ikifika 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Aliyetimiza mwaka na hajafika miaka 5, mpaka ni 40. Sehemu ya chini ya kifua haikuwa ikibonyea anapovuta hewa, na alikuwa akinyonya vizuri. Dawa yake kwa usiku ule ilikuwa ziwa la mama mara kwa mara, na kumsafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi kabla ya kunyonya. Pumzi zikizidi, au akikataa ziwa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege au akilala bila kuamka vizuri, basi ni kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

"Na mimi ninayenyonyesha," akauliza akimfunga mtoto mgongoni, "nisiile?"

Nikamwambia aile tu, mbegu hizo hazipiti kwenye maziwa. Ila asiipake kwenye chuchu ya ziwa, na mikono iwe safi.

Akautazama ule mkono wake wa kulia. Kidole kilikuwa bado kinanata. Muuzaji akamwinulia jagi la maji, naye akakinawa mpaka ukucha, kwa sabuni, mtoto akiwa begani anakinyooshea mkono.