Upele haurudi ndani

Mtoto akipata homa, kisha vidoa vyekundu vikamjaa kifuani na mgongoni, hakosekani wa kusema: ni surua, iacheni itoke, akichomwa sindano itarudi ndani imuue. Mbinga mlimani utayasikia maneno hayo, na Mbamba Bay ufukweni pia. Wanaoyasema wameona watoto wakifa kweli. Ila walichokiona wamekisoma kinyume.

Surua huanza kwa homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Baada ya siku tatu au nne vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka kifuani mpaka miguuni, na homa huzidi vinapotoka. Siku tano hivi baadaye vinaanza kufifia. Hapo ndipo penye mtego, maana kinga imeshachoka na nimonia hupata mwanya. Bibi anaona vipele vinapotea huku mjukuu anahema mbiombio, anaamua surua imeingia ndani. Kama mtoto alichomwa sindano juzi, sindano ndiyo inayohukumiwa. Kumbe upele si sumu inayotafuta pa kutokea. Ni kinga ya mwili inayopambana na virusi kwenye ngozi. Mtoto mwenye kinga dhaifu sana anaweza asitoe upele hata kidogo, na surua ikamuua vilevile.

Tena si kila kidoa ni surua. Tuseme mtoto wa mwaka na nusu wa Liuli amekuwa na homa kali siku tatu, bila kikohozi wala macho mekundu. Siku ya nne homa inakatika, na ndipo vidoa vinamtoka kifuani na mgongoni. Huyo huenda ana roseola, na vidoa vyake vitaisha vyenyewe. Lakini kwa homa ile, huku ziwani kwenye mbu, kupima malaria ilikuwa lazima tangu mwanzo. Na kipimo kikionyesha malaria, upele bado unadai maelezo yake.

Wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo ni asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Bonyeza vidoa kwa glasi angavu pia: visipofifia, huenda ni damu inayovuja chini ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi sana, chunguza viganja na nyayo.

Surua haina dawa ya kuua virusi vyake, lakini matone ya vitamini A, leo na kesho, hulinda macho na uhai wa mtoto. Hayo humkosa anayefichwa ndani ya blanketi.

Ukifika zahanati, usiketi benchi moja na wenye vichanga. Mwambie mhudumu tangu mlangoni, kwani surua huambukiza kwa hewa, siku nne kabla ya vipele na nne baada yake. Beba kadi ya kliniki, aone kama chanjo za miezi 9 na 18 zimejazwa.